Nani Asome Matawi Barabarani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ngazi za Magari Yanayojiendesha

Maswali haya yametoka kwa wateja wanaoleta magari yao gerejini kwetu hapa Mtwara mjini, ambako kazi yangu ni umeme wa magari. Wengi wao wamenunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na gari linapofika linakuwa na kamera nyuma ya kioo cha mbele, vitufe vigeni kwenye usukani na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Swali la kwanza ni lilelile kila mara: je, hili ndilo gari linalojiendesha lenyewe?

Ngazi zenyewe ni ngapi, na nani alizipanga?

Ni sita, kuanzia 0 hadi 5. Zilipangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye makao yake Marekani, katika waraka unaoitwa J3016 uliotolewa mara ya kwanza Januari 2014 na kurekebishwa mara kadhaa. Toleo la Aprili 2021 ndilo linalotajwa zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba ngazi hizi hupima ujanja wa gari, yaani kwamba gari la ngazi ya 3 lina akili kuliko la ngazi ya 2. Sivyo. Ngazi hupima mgawanyo wa kazi kati ya mtu na mtambo. Waandishi wa waraka ule waliivunja kazi ya udereva katika vipande: kuna kushika usukani, kuna kukanyaga mafuta na breki, kuna kutazama barabara na kuelewa kinachotokea, na kuna kuokoa jahazi pale mambo yanapoharibika. Kisha wakauliza, kwa kila kipande, nani mwenye kazi hiyo. Katika ngazi ya 0, 1 na 2 kazi ya kutazama barabara ni ya mtu, hata kama mikono na miguu yake imepumzika. Kuanzia ngazi ya 3 kwenda juu, mtambo unapokuwa umewashwa, kazi hiyo ni ya mtambo. Mpaka mkubwa uko hapo, kati ya 2 na 3, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inauzungumzia.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ngazi ni ya mtambo uliowashwa wakati ule, wala si ya gari zima daima. Gari moja linaweza kuwa ngazi ya 2 asubuhi likiwa kwenye barabara nzuri, na likawa ngazi ya 0 jioni ya siku hiyohiyo kwa sababu dereva amezima vitufe vyote.

Gari langu hupiga mlio na kushika breki lenyewe nikikaribia kugonga. Je, hiyo si ngazi ya juu?

Hapana, hiyo bado ni ngazi ya 0, na jibu hili huwashangaza wengi. Ukiona taa iliyoandikwa `PCS` kwenye Toyota, huo ni mtambo wa kuzuia kugonga. `LDA` ni wa kukuonya unapotoka kwenye mstari. Mitambo hii huingilia kati kwa nukta chache wakati wa hatari na kisha hukuachia. Haiendeshi gari kwa mfululizo, na ngazi za SAE huhesabu uendeshaji wa mfululizo tu. Breki za ABS nazo ziko kundi hilohilo.

Nisieleweke kwamba naidharau ngazi ya 0. Kwa maoni yangu breki ya dharura inayofanya kazi vizuri ina faida kubwa kwa dereva wa huku kuliko mtambo wa kushika usukani, kwa sababu haimpi dereva sababu ya kulegea.

Ngazi ya 1 na ya 2 zinatofautianaje?

Katika ngazi ya 1 mtambo unafanya kazi moja kati ya mbili: ama unasimamia mwendo, kama kruzi kontroli inayopunguza kasi yenyewe ikikuta gari mbele, ama unashika usukani ndani ya mistari. Katika ngazi ya 2 unafanya zote mbili kwa pamoja. Kruzi kontroli ya zamani, ile inayoshikilia kilomita 80 kwa saa hata kama mbele kuna ng'ombe, haihesabiwi kabisa.

Nina Nissan Serena yenye kitufe cha ProPILOT. Nimeambiwa naweza kuachia usukani.

Aliyekuambia hivyo alikosea, na ni vizuri umeuliza kabla hujajaribu. ProPILOT iliingia sokoni Japani Agosti 2016 kwenye Serena, na ni ngazi ya 2. Hutumia kamera moja iliyo nyuma ya kioo, hufuata mistari ya barabara kuu na hufuata gari lililo mbele, lakini humtaka dereva abaki na mikono kwenye usukani.

Nilipanda gari la namna hiyo na mteja kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani. Mahali penye mistari myeupe iliyokolea, alama ndogo ya usukani kwenye dashibodi ilikuwa ya kijani na gari lilijishikilia katikati vizuri, hata mteja akanitazama kwa fahari. Tulipofika mahali ambapo mchanga ulikuwa umefunika mstari wa pembeni, alama ile ikageuka kijivu, ukasikika mlio mmoja mfupi, na usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kawaida. Redio ilikuwa inaimba. Mteja hakusikia mlio wala hakuona alama. Gari likaanza kulalia upande wa kulia polepole, kuelekea magari yanayokuja, mpaka nilipomgusa bega. Maandishi ya onyo yaliyotokea kwenye dashibodi yalikuwa ya Kijapani, na hapa Mtwara sijampata mtu wa kuyasoma.

Mtambo ule haukuharibika hata kidogo. Ulifanya kama ulivyoundwa: ulipokosa mistari, uliacha. Katika ngazi ya 2 mtambo una ruhusa ya kuacha kazi wakati wowote, kwa kuwa wote wanachukulia kwamba kuna mtu anayetazama.

Kwa nini kamera isitazame badala yangu, wakati inaona mbele muda wote na haichoki?

Naomba nijibu kwa mfano mmoja ambao kila dereva wa njia ya Masasi anaujua. Ni msimu wa korosho, saa moja usiku, na unarudi kutoka Masasi kuelekea Mnazi Mmoja kwa kilomita 80 kwa saa. Lori lililopakia limepasuka tairi na limesimama kwenye njia yako. Taa za nyuma hazifanyi kazi, bodi imefunikwa na vumbi, na utingo hana pembetatu za kuakisi. Amekata matawi ya mikorosho na kuyatandaza barabarani, tuseme kuanzia mita 60 nyuma ya lori.

Ukiwa na mwendo huo unakwenda karibu mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kuona na kuhamishia mguu kwenye breki, zikawa mita 22 zimekwenda. Kusimama kabisa kwenye lami kavu huchukua kama mita 35 nyingine. Jumla ni karibu mita 57. Taa zako za kawaida zikikuonyesha matawi ukiwa mita 40 kabla hujayafikia, basi una mita 100 za kufika kwenye lori, na zinakutosha hata ukichelewa kidogo. Hujaliona lori lenyewe bado; umesoma matawi, nayo yamekuambia kwamba mbele kuna gari bovu.

Sasa fikiria kamera. Imefundishwa kutambua mgongo wa gari, mtu anayevuka, baiskeli, mistari na vibao. Matawi hayamo katika aina inazozijua, na hata ikiyaona kama kitu fulani kilicholala chini, haijui kwamba ni ujumbe. Itasubiri lori lenyewe lionekane gizani. Magari mengine huongeza rada, lakini rada nyingi za magari huwa na tabia ya kupuuza vitu vilivyosimama tuli unapokwenda kasi, kwa sababu zikivijali vyote zitashika breki kwa kila kibao, daraja na kingo za barabara. Lori lililosimama hufanana sana na vitu hivyo.

Hata kamera ikiliona lori, breki ya dharura ina mipaka yake. Chukua EyeSight ya Subaru, ambayo ni ya kawaida kwenye Forester zinazoingia nchini. Toleo lake la tatu, la 2014, lilitangazwa kwamba linaweza kuepuka kugonga pale tofauti ya mwendo kati yako na kilicho mbele isipozidi kama kilomita 50 kwa saa. Lori limesimama, hivyo tofauti yako ni 80. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Breki inayotosha kulisimamisha gari kutoka 50, ikianza umbali uleule, italishusha gari la 80 mpaka karibu 62 tu. Utakuwa umegonga nyuma ya lori la korosho kwa kilomita 62 kwa saa, huku mtambo umefanya kila ulichoahidi.

Kwa hiyo kuna swali moja linalozitenganisha ngazi zote, nami hulirudia kwa kila mteja: nani ana kazi ya kusoma matawi? Katika ngazi ya 2 ni wewe.

Kama nimeshika usukani na ninatazama mbele, si ninakuwa salama zaidi kuliko dereva wa kawaida?

Ukitazama kweli, ndiyo, inaweza kuwa hivyo. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kukesha akilinda kitu ambacho hakiharibiki. Mwalimu wa udereva aliyekaa na mwanafunzi mpya hukaza macho, kwa sababu mwanafunzi hukosea kila baada ya dakika mbili. Mpe mwanafunzi ambaye hakosei kwa wiki tatu, kisha uone kama mwalimu huyo hatatoa simu mfukoni. Ngazi ya 2 iliyo bora, kwa namna hii, ina hatari ambayo ile mbovu haina.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi ni wa Tempe, jimbo la Arizona, usiku wa Machi 18, 2018. Lilikuwa gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo XC90, lililokuwa likifanyiwa majaribio ya kujiendesha huku mtu mmoja akiwa kwenye kiti cha dereva ili alisimamie. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara akikokota baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ulionyesha kwamba sensa zilimwona sekunde 5.6 kabla ya kugonga, muda ambao ni mwingi. Lakini mtambo haukukubaliana na nafsi yake: mara uliona ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipobadilisha jina ulianza upya kukisia anaelekea wapi. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa ili isigongane na mtambo wa majaribio. Msimamizi alikuwa akitazama simu. Mwanamke yule alifariki.

Aliyeshtakiwa ni msimamizi; mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha na akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Mtu anaweza kubishana kama hiyo ni haki, nami nina mashaka yangu, lakini funzo kwa mwenye gari la ngazi ya 2 ni kwamba jina la dereva linabaki kuwa lako hata kama hukugusa kitu.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Wengi huweka sensa ya kupima msukumo wa mikono kwenye usukani, na wapo watu waliobana chungwa kwenye usukani ili kuidanganya. Kamera inayotazama macho ya dereva ni ngumu zaidi kudanganya, ila magari mengi yanayofika kwetu hayana.

Ngazi ya 3 inabadilisha nini hasa?

Inabadilisha mwenye kazi ya kutazama. Ukiwasha mtambo wa ngazi ya 3 mahali unaporuhusiwa, unaweza kusoma gazeti au kutazama skrini, lakini kulala hakuruhusiwi, kwa sababu mtambo unaweza kukuita urudi kazini. Honda ilitoa gari la kwanza la namna hii lililoidhinishwa, aina ya Legend, Japani, Machi 2021, magari 100 tu na kwa kukodisha. Mercedes-Benz ilifuata Ujerumani mwaka 2022 kwa mtambo unaoitwa Drive Pilot.

Ukisoma masharti ya Drive Pilot ilivyoanza, utaona jinsi ahadi hii ilivyo nzito. Mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Barabara kuu za Ujerumani tu, zile zilizopimwa na kuchorwa kwenye ramani ya kina. Kusiwe na mahandaki, ukarabati wala mvua kubwa. Kwa maneno mengine, ni mtambo wa kukaa kwenye foleni. Gari lina laida, ambayo ni sensa inayopima umbali kwa mwanga wa leza, lina kifaa cha kuhisi kama barabara imelowa na maikrofoni za kusikia king'ora. Breki na usukani vina mfumo wa akiba, ili kimoja kikifa kingine kiendelee.

Mfumo huo wa akiba ndio jibu kwa wanaouliza kama programu mpya inaweza kuipandisha Serena kutoka ngazi ya 2 kwenda ya 3. Katika ngazi ya 2 mota ya usukani ikifa, wewe umeushika. Katika ngazi ya 3 wewe uko kwenye gazeti, na kwa hiyo lazima kuwe na mota ya pili. Huwezi kuipakua kwenye mtandao.

Mtambo unanipa muda gani wa kurudi kwenye usukani?

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157, iliyopitishwa Juni 2020, inataka mtambo ukishamwita dereva usubiri angalau sekunde 10 kabla haujaanza kulisimamisha gari wenyewe. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde 10 ni mita 167. Dereva asipoitika, gari hupunguza mwendo taratibu na kusimama huku taa za dharura zikiwaka. Mercedes huongeza kupiga simu ya msaada na kufungua vitasa vya milango.

Hapa ndipo matawi yanaporudi. Sekunde 10 kwa mwendo wa 80 ni mita 222, na matawi yetu yalionekana mita 100 kutoka kwenye lori. Hakuna muda wa kumwita mtu aache gazeti. Kanuni inalikubali hilo: hatari ya ghafla inapotokea, mtambo wenyewe lazima ushike breki bila kungoja dereva. Ndiyo kusema mtambo wa ngazi ya 3 unaotaka kupita njia ya Masasi usiku ungepaswa kujua maana ya matawi ya mikorosho. Kwa kuwa haujui, mtengenezaji anayewajibika huufunga usiwake kabisa katika barabara ya namna hiyo. Mipaka mingi ya ngazi ya 3 si woga wa mtengenezaji. Ni orodha ya vitu ambavyo mtambo wake hauwezi kuvisoma.

Ngazi ya 4 ina tofauti gani, maana zote mbili zinajiendesha?

Katika ngazi ya 4 hakuna anayeitwa. Mambo yakiharibika ndani ya eneo lake la kazi, gari lazima lijiokoe lenyewe mpaka lisimame mahali salama, hata kama abiria wote wamelala au hakuna abiria. Mfano ulio hai ni teksi za Waymo, mradi ulioanzia Google mwaka 2009, ambazo tangu Oktoba 2020 zimekuwa zikibeba umma huko Phoenix bila mtu kwenye kiti cha dereva, na baadaye San Francisco na Los Angeles. Wapo wafanyakazi ofisini ambao gari huweza kuwauliza likitatizwa, kwa mfano kama lipite kushoto au kulia kwa kizuizi, lakini hawalishiki usukani. Gari linabaki kuwa dereva.

Kujiokoa huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Oktoba 2, 2023, San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke anayevuka na kumrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilishika breki na kusimama. Kisha, kwa kuwa haikutambua kwamba mtu yuko chini yake, ikafanya kile ilichofundishwa kufanya baada ya ajali, yaani kusogea pembeni isizuie njia, ikamburuta kama mita 6. Dereva binadamu angeweza kufanya makosa mengi usiku ule, lakini angejua kwamba kuna mtu amemgonga na angeshuka kutazama. Jimbo la California lilisimamisha kibali cha kampuni hiyo kabla mwezi haujaisha.

Na ngazi ya 5?

Haipo barabarani popote. Tofauti yake na ya 4 ni eneo la kazi: ya 4 ina mipaka ya mahali, hali ya hewa au saa, nayo ya 5 inapaswa kwenda popote ambapo dereva mzoefu angekwenda.

Kwa mtu wa Lindi na Mtwara mfano uko karibu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, ramani zote zilisema barabara ipo. Baadaye magari yalipovushwa kwenye njia ya muda, mwongozo wa dereva ulikuwa ni mkono wa mtu aliyevaa kizibao, tope la gari lililotangulia, na uamuzi wa kungoja au kupita. Gari la ngazi ya 4 lingesimama kabla ya hapo na kubaki limesimama, nalo lingekuwa limetimiza wajibu wake. La ngazi ya 5 lingetakiwa kuvuka.

Nikipata ajali Tanzania mtambo ukiwa umewashwa, nani anawajibika?

Gari lililo mkononi mwako ni ngazi ya 2 au chini yake, kwa hiyo wewe ndiwe dereva, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva awe mtu mwenye leseni. Kumwambia askari kwamba gari lilikuwa linajiendesha ni kukiri kwamba hukuwa unaendesha.

Nitajuaje gari ninalotaka kununua liko ngazi gani, na kama mtambo wake bado unafanya kazi?

Usisome jina la mtambo, kwa sababu majina hutungwa na watu wa mauzo. Kuna mtambo maarufu wa Tesla ambao jina lake hutaja kujiendesha kikamilifu, nao ni ngazi ya 2. Soma kitabu cha gari na utafute sentensi moja: ile inayosema dereva anawajibika kutazama barabara wakati wote. Ukiikuta, ni ngazi ya 2 au chini yake.

Kisha tazama kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kamera moja au mbili zikiwapo, uliza kama kioo kimewahi kubadilishwa. Kioo kipya kinataka kamera ipangwe upya kwa kompyuta na mbao maalumu za shabaha, kwa kuwa ikipinda nyuzi moja tu pembeni, kitu kilicho mita 100 mbele kitaonekana kimehama karibu mita 1.7, na lori la njia ya pili litaonekana limo kwenye njia yako. Mteja mmoja aliletewa Forester iliyobadilishwa kioo mahali fulani kabla haijamfikia. Gari lilikuwa linashika breki lenyewe kila alipopishana na basi, na aliyemwekea kioo alikuwa amemwambia kwamba ni tabia ya magari ya Kijapani. Hatuna vifaa vya kupanga kamera hizo gerejini kwetu, kwa hiyo tulichomfanyia ni kumwonyesha kitufe cha kuzimia mtambo, kilicho juu karibu na taa ya ndani, na kumweleza akishikilie mpaka taa ya kuzimika iwake, na arudie hivyo kila anapowasha gari, maana mtambo huwaka upya kila mara.